Kiti ni Kilekile: Msemo wa Nyumba na Mgeni Anayeusikia

Katika nyumba ambayo watu wake wameishi pamoja kwa miaka kadhaa, hupatikana maneno machache ambayo, mmoja akiyatamka, wenyeji wote huangua kicheko ilhali mgeni hasikii humo ndani kitu chochote cha kuchekesha. Maneno hayo yataitwa katika sura hii msemo wa nyumba, yaani sentensi fupi, au hata neno moja, iliyotokana na kisa kilichowapata watu wa nyumba hiyo na ambayo baadaye hutumika mahali pengi pasipo kisa chenyewe kusimuliwa tena. Msemo wa nyumba si utani, ingawa watu wengi huuita hivyo, na tofauti kati ya viwili hivi ina uzito katika mjadala unaofuata.

Utani, kwa maana yake ya jadi, ni uhusiano unaotambuliwa na jamii nzima, ambamo watu wa pande mbili, kwa mfano babu na mjukuu, mtu na shemeji yake, au Mnyamwezi na Mzaramo, wana ruhusa ya kukejeliana pasipo yeyote kukasirika. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake maarufu ya mwaka 1940, alionyesha kwamba katika mahusiano ya namna hii dhihaka si ruhusa tu, bali mara nyingine ni wajibu, na anayedhihakiwa naye ana wajibu wa kutochukia. Kwa hiyo bibi anayemwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" hahitaji kueleza chochote, kwa sababu hata mpita njia anaijua kanuni hiyo. Msemo wa nyumba hauna kanuni ya namna hiyo. Haufanani hata na kinyume, ile lugha ya mafumbo ya watu wa pwani ambayo hupeleka silabi ya mwisho mwanzoni mwa neno na kuifanya "nyumba" iwe "mbanyu", kwani kinyume kinaweza kufundishwa mchana mmoja na mwanafunzi akaweza kukitumia kwa neno lolote. Msemo wa nyumba haujengwi juu ya kanuni bali juu ya kisa, na asiyekijua kisa hana njia ya kuufumbua kwa akili zake mwenyewe, hata awe mwerevu kiasi gani.

Ili jambo hili lionekane kwa karibu, ichukuliwe familia moja ya mfano, yenye makazi yake Ngamiani, Tanga. Familia hii ilikuwa ikirejea nyumbani kutoka Dar es Salaam kwa basi, na basi liliposimama Segera ili abiria wachimbe dawa na kununua chochote, baba alishuka kutafuta machungwa. Segera ni njia panda, ambapo mabasi ya Tanga huachana na yale yanayoendelea Korogwe, Moshi na Arusha, na siku hiyo mabasi mawili yenye rangi zinazokaribiana yalikuwa yamesimama ubavu kwa ubavu. Mama, aliyekuwa ameketi kando ya kiti kitupu cha mumewe huku kondakta akigonga bodi kuashiria kuondoka, alimpigia simu kumwuliza yuko wapi, naye akajibu kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa bure: "Nimeshakaa, niko dirishani, kiti ni kilekile." Alikuwa katika basi la Arusha, na alikuja kuamini hivyo Korogwe, mfuko wa machungwa ukiwa mapajani.

Kilichotokea baada ya safari hiyo ndicho kinachohusu sura hii. Kwa wiki chache kisa kilisimuliwa kizima, kila mara kwa urefu ule ule, kwa majirani na jamaa. Kisha kikaanza kupungua: kwanza likaondoka suala la machungwa, likafuata la rangi ya mabasi, hadi yakabaki maneno matatu tu. Mtoto akisisitiza kwamba jibu lake la hesabu ni sahihi nalo si sahihi, kaka yake humwambia, "Kiti ni kilekile." Fundi akiahidi kwamba bomba halitavuja tena, watu wa nyumba hutazamana tu. Maneno hayo yamekuwa jina la hali ambayo Kiswahili cha kawaida hakina neno moja la kuitaja, nayo ni hali ya mtu mwenye uhakika kamili juu ya jambo alilokosea. Hapo msemo umevuka mpaka wa kumbukumbu na kuwa msamiati, na ndiyo maana unaweza kuendelea kutumika miaka 20 baadaye, hata na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ya safari, ambao mara nyingi huapa kwamba nao walikuwamo ndani ya basi.

Si kila tukio la kuchekesha hupata bahati hiyo. Mwanasosholojia Mmarekani Gary Alan Fine, aliyezifuatilia timu za besiboli za watoto na kuchapisha matokeo yake mwaka 1979, alibuni dhana ya utamaduni wa kikundi kidogo, yaani jumla ya maarifa, misemo, majina na desturi ambazo watu wachache wanaoonana mara kwa mara huziunda na kuzitumia kama zao, na akaeleza masharti ambayo jambo sharti liyatimize ili lidumu katika utamaduni huo. Yapo matano, lakini mawili yanatosha hapa. La kwanza ni kwamba jambo liwe na kazi ya kufanya: "kiti ni kilekile" kiliishi kwa sababu nyumba hiyo ilihitaji namna ya kumwambia mtu kuwa amekosea bila kumfokea, ilhali kisa kingine cha nyumba hiyo, cha mbuzi aliyekula shuka, hata kama kilichekesha zaidi siku kilipotokea, hakikuwa na mahali pa kutumika tena. La pili ni kwamba jambo lisigongane na ngazi za heshima zilizopo kikundini. Katika nyumba nyingi za Kiswahili mtoto hamcheki baba yake hadharani, na msemo huu ungekufa siku ya kwanza kama baba mwenyewe asingekuwa wa kwanza kuutumia. Jioni ile ile ya safari, alipoingia ndani akiwa amechoka na kuulizwa na mkewe kama anajua ni saa ngapi, alijibu, "Kiti ni kilekile." Kwa maneno hayo aliwapa watoto ruhusa ambayo wasingethubutu kuiomba.

Wenyeji wakiulizwa kwa nini wanacheka, watasema kwa sababu maneno yanachekesha. Hilo si kweli, na si kwao peke yao. Mtafiti wa Marekani Robert Provine, ambaye pamoja na wanafunzi wake alisikiliza vicheko 1,200 katika mazungumzo ya kawaida ya watu na kuchapisha matokeo hayo mwaka 1993, aligundua kwamba chini ya asilimia 20 ya vicheko hivyo vilifuata maneno yaliyokaribia kuwa ya kuchekesha, na vilivyobaki vilifuata kauli za kila siku ambazo zikiandikwa kwenye karatasi hazimchekeshi yeyote. Watu hucheka zaidi kwa sababu wako pamoja kuliko kwa sababu ya kilichosemwa. Kwa watu wa Ngamiani, maneno yale matatu ni kama mtu anayebisha hodi na wote wakaitambua sauti yake kabla hajaonekana: kicheko chao ni cha utambuzi, na ndani yake kila mmoja anathibitisha kwa wengine kwamba alikuwapo, au kwamba ni wa wale waliokuwapo.

Mwandishi aliyeliona jambo hili vizuri kuliko wanasayansi wengi ni Mwitaliano Natalia Ginzburg, ambaye kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu familia yake ya Torino kimejengwa karibu chote juu ya misemo ya wazazi wake, na hasa makaripio ya baba yake, Giuseppe Levi, profesa wa anatomia mwenye hasira za karibu. Familia hiyo ilitawanywa na ufashisti na vita, na mume wa mwandishi, Leone Ginzburg, alifia gerezani Roma mwaka 1944. Hoja ya mwandishi ni kwamba ndugu hao, hata baada ya miaka mingi bila kuonana wala kuandikiana, wangetambuana popote kwa sentensi moja tu ya utotoni. Inafaa kuongezwa kwamba sentensi hizo, zikisomwa na mtu mwingine, nyingi ni za kawaida sana, na msomaji huanza kuzicheka kuanzia katikati ya kitabu tu, baada ya kuzisikia mara ya tano au ya sita. Kwa hila hiyo ya uandishi, msomaji huingizwa ndani ya nyumba kama anavyoingizwa mkwe.

Hapo ndipo mgeni anapoingia. Kijana wa pili wa familia ya Ngamiani alioa Iringa, na jioni moja katika wiki ya kwanza ya bi harusi katika nyumba ya wakwe zake, watu wakiwa mezani, kijana huyo alichota kutoka kwenye kopo ambalo yeye alikuwa na hakika kuwa ni la sukari, na alipoonywa akasema kopo hilo analijua tangu utotoni. Ilikuwa chumvi. Bibi, aliyeketi mwisho wa meza, akasema taratibu, "Kiti ni kilekile," na meza nzima ikaangua kicheko. Bi harusi, aliyekuwa ameonyeshwa kiti cha karibu na dirisha, akainuka haraka. Alidhani ameketi kwenye kiti cha mwenyewe.

Kosa lake halikuwa la upumbavu hata kidogo. Mwanasaikolojia Herbert Clark ameeleza kwa kirefu kwamba mazungumzo yote huegemea kile kinachoweza kuitwa msingi wa pamoja, yaani mambo ambayo msemaji na msikilizaji wanayajua na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anayajua, na kwamba msikilizaji asiye na msingi huo hutafuta maana katika kile alichonacho mbele ya macho yake. Bi harusi alikuwa na kiti, dirisha, nyumba ya wakwe, na adabu aliyofunzwa kwao kwamba mkubwa ana kiti chake. Maana aliyoipata ilikuwa ndiyo pekee iliyowezekana. Mgeni katika nyumba mpya tayari yuko macho akijipima kama amekosea, kwa hiyo kicheko asichokielewa hukielekeza kwake mwenyewe kabla ya kwingineko.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, ingawa hakuna aliyekusudia ubaya. Watu walicheka mara ya pili, na safari hii walicheka kile alichokifanya yeye. Mumewe, akijaribu kumwokoa, alisema kwa pumzi moja, "Baba aliwahi kupanda basi si lake, basi." Yeye akatabasamu na kuketi. Gail Jefferson, mmoja wa waasisi wa uchambuzi wa mazungumzo, alionyesha mwaka 1979 kwamba msemaji anapocheka mwishoni mwa maneno yake huwa anatoa mwaliko, na msikilizaji ama huupokea kwa kucheka naye ama huukataa kwa kuendelea kuzungumza kwa uzito. Mgeni asiyejua kisa hana jibu jema kwa mwaliko huo: akicheka, anadanganya, na akinyamaza, anaonekana amenuna. Wageni wengi huchagua la kwanza, na mwenyeji makini anaweza kulitambua, kwa kuwa kicheko cha namna hiyo huanza kitambo kidogo baada ya vya wengine, hukoma kabla yao, na macho ya anayecheka huwa yanazunguka kwenye nyuso za watu badala ya kutulia kwa aliyesema.

Maelezo ya mume yalishindwa kwa sababu ya wakati wake zaidi kuliko ufupi wake. Anayeelezwa kisa baada ya watu kumaliza kucheka hukisikiliza akiwa anatazamwa, kila mtu akingoja kuona kama atacheka, na usikilizaji wa namna hiyo ni mtihani. Isitoshe, kisa kilichofinywa kuwa sentensi moja huwa kimepoteza kila kilichokuwa kinachekesha: simu, sauti ya kusumbuliwa, kiti kitupu kando ya mama, machungwa. Ni afadhali wakati huo msemo uachwe upite kwa maneno kama "hiyo ni hadithi ndefu, utaipata kesho," na kesho ifike kweli.

Kwa mgeni wa usiku mmoja hata hilo si lazima, kwani hana haja ya kubebeshwa historia ya ukoo, na heshima iliyo bora kwake ni wenyeji kuibana misemo yao na kuzungumza mambo ambayo naye anaweza kuyachangia. Ni kwa mkwe, mtoto wa kulea au ndugu aliyerudi baada ya miaka mingi ng'ambo, yaani kwa mtu anayekuja kukaa, ndipo kisa kinapostahili kusimuliwa chote, kabla msemo haujatumika tena mbele yake, saa ambayo hakuna aliyetoka kucheka.

Suala la nani akisimulie si dogo, na hapa utani wa jadi unaweza kuisaidia nyumba. Mama mkwe na baba mkwe wako katika uhusiano wa heshima na mkaza mwana wao, na kisa kikisimuliwa na mmoja wao, bi harusi atacheka kwa adabu tu. Bibi na shemeji wako upande wa utani. Mbele yao anaruhusiwa kuuliza, kubisha, hata kusema kwamba haamini. Katika familia hii ilikuwa ni shemeji, siku ya tatu, uani, wakati wa kupukuchua mahindi, aliyeanza, "Shemeji, ngoja nikwambie kwa nini juzi tulikucheka, maana sisi ndio tuliokosa." Alieleza kwa dakika kadhaa, na alipofika kwenye rangi ya mabasi dada yake akamkatiza kusema kwamba la Arusha lilikuwa la kijani, yeye akasema bluu, na bibi akasema yote mawili yalikuwa meupe yenye mistari. Mabishano hayo yasichukuliwe kuwa yanaharibu hadithi. Hakuna familia inayokubaliana juu ya undani wa visa vyake, na mgeni anayewaona wenyeji wakibishana hugundua kwamba hata wao hawakimiliki kisa kikamilifu, na kwamba pana nafasi ya mtu mwingine. Aliyeulizwa aamue ni rangi gani inayoaminika zaidi alikuwa ni bi harusi, naye akachagua bluu kwa sababu, alisema, shemeji ndiye anayemsaidia mahindi.

Kukijua kisa, hata hivyo, si sawa na kuruhusiwa kuutumia msemo, na hapa nyumba nyingi hujidanganya. Dada wa kazi aliyekaa mwaka mzima huvijua visa vyote, pengine kuliko watoto, kwa sababu amevisikia akiwa anapita na sahani, lakini siku atakapousema msemo mwenyewe na chumba kikanyamaza, itadhihirika kwamba alikuwa amepewa masikio tu. Kwa hiyo kipimo cha kama mtu amekaribishwa si kwamba anacheka pamoja na wengine, bali kwamba akiusema yeye, wengine hucheka. Mara ya kwanza anaweza kuusema mahali pasipofaa kidogo, na kumsahihisha hapo hapo, hata kwa upole, ni kumrudisha mlangoni.

Yapo pia mambo yasiyofaa kufunguliwa kwa mgeni kabisa. Msemo uliotokana na aibu ya mtu mmoja, kwa mfano neno alilolikosea binti akiwa na miaka 4, unaweza kuwa mtamu kati ya ndugu na ukageuka kuwa uchi mbele ya mchumba wake. Dalili ni kwamba mwenye kisa huwa wa mwisho kucheka na wa kwanza kunyamaza, na kwamba yeye mwenyewe hautumii msemo huo kamwe. Hadithi ni ya aliyepatwa nayo, naye ndiye wa kuulizwa kabla haijatoka nje. Shemeji hakumsimulia bi harusi kisa cha Segera kabla ya kupita sebuleni na kumwuliza mzee, ambaye hakuinua macho kwenye gazeti alipojibu kwamba mradi asisahau kusema machungwa yalikuwa matamu.

Bi harusi hakuutumia msemo kwa miezi kadhaa. Kisha jioni moja umeme ulikatika, ukanunuliwa wa LUKU kwa simu, na shemeji akasimama mbele ya mita na tochi akibofya zile tarakimu 20. Mita ikakataa. Akarudia, ikakataa tena, naye akageuka na kutangaza kwamba mita ni mbovu kwa sababu namba ameziingiza zote kama zilivyo. Bi harusi, aliyekuwa amemshikia simu na ameiona 6 ikiingizwa kama 9 mara zote mbili, akasema kwa sauti ndogo ya kumfikia shemeji peke yake, "Kiti ni kilekile." Nyumba ilikuwa kimya kwa kukosa umeme, na sauti ndogo ilifika mbali kuliko alivyokusudia. Kutoka sebuleni, gizani, mzee akajibu, "Dirishani."